Mtu anapanda ndege na mafua yake, sikio langu ndilo linalipa!

Wakuu, nina hasira. Jumanne nilipanda ndege Dar kwenda Mwanza, siti ya kati. Jamaa wa dirishani anapiga chafya kiganjani, kiganja hichohicho anashika kimeza changu akipita chooni. Namwomba avae barakoa, ananijibu "ni vumbi tu hili". Na kabla ya kuruka tulikaa karibu nusu saa, kiyoyozi kimezimwa.

Ijumaa koo linawasha. Jumapili narudi Dar pua zote zimeziba. Naomba kusogeza tarehe, wanataka faini inayokaribia nauli yenyewe. Nikapanda. Kupaa sikusikia kitu. Kushuka sasa, kama mtu anagongea msumari sikioni! Nikabana pua, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Kitu kikalia pwa, maumivu yakakata ghafla, yakatoka majimaji yenye damu. Sasa sikio hilo nasikia kama niko ndani ya mtungi.

Mzee wa Kirumba: Kwa hiyo Jumapili wewe ndiye uliyekuwa jamaa wa dirishani. Jirani yako bado hajafungua uzi wake?

Mleta uzi: Faini mkuu, faini! Na barakoa nilivaa.

Dogo Janja wa Tabata: Tatizo kiyoyozi, kinasambaza mafua ndege nzima. Ungekula pipi tu.

Nesi Mstaafu: Hapana mwanangu. Ikiwa hewani, hewa ya ndege kubwa inachujwa vizuri. Wa kumwogopa ni jirani wa siti. Kibaya ni ile nusu saa mliyokaa bila kiyoyozi. Pipi inasaidia kwa sababu unameza mate, ule mrija wa kutoka sikioni hadi nyuma ya pua unafunguka. Ila mafua yakishauvimbisha, pipi haitoshi. Kupaa, hewa hutoka sikioni yenyewe. Kushuka, lazima mrija ufunguke ndipo iingie. Na Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo kushukia Dar ni kazi kubwa zaidi kwa sikio.

Dawa ya kupuliza puani inatumika kama nusu saa kabla ndege haijaanza kushuka, siyo magurudumu yakishatoka. Kubana pua na kupuliza ni polepole, mara kwa mara, kuanzia mwanzo. Wewe ulingoja sikio ligome, ukalilazimisha. Hayo majimaji ni dalili ngoma imetoboka. Usitie matone wala mafuta, maji yasiingie, nenda ukapimwe. Mara nyingi hujifunga yenyewe kwa wiki kadhaa. Ukiona kizunguzungu, usingoje kesho.

Mama Abuu: Mimi napanda basi kutoka Iringa, tukishuka Kitonga masikio yanaziba kila safari, na sina mafua. Nitumie hiyo dawa?

Nesi Mstaafu: Wewe meza mate tu, mama.

Mleta uzi: Niko foleni kwa daktari wa masikio. Shikamoo nesi. Ila hakuna aliyenijibu: mgonjwa anayetaka kuahirisha safari, faini ya nini?

Mzee wa Kirumba: Ukisamehewa wewe, kesho ndege nzima ina mafua.