Bango la taarab: A, B au C?

Mama Zai: Jamani, mabango matatu hayo hapo juu. Mchapaji anataka jibu kesho kabla ya saa 6 mchana, karatasi A3 hamsini. A, B au C? Msinyamaze kama mko msibani.

Baba Rehema: 👍

Mama Zai: Hicho kidole ni cha lipi Baba Rehema?

Da Mwana: B. Huyo mwimbaji kapendeza, alivyojifunga kanga!

Mama Zai: Da Mwana, hatuuzi kanga. Mtu akipita ajue ni Jumamosi 12 Septemba, Tangamano. Pesa ya kisima inatoka kwa watakaofika.

Kaka Hemedi: Macho ya msomaji huanza juu kushoto, yakaenda kulia, yakashuka kama herufi Z. A imeanza na jina la bendi juu kushoto, tarehe iko chini kulia. A imemaliza kazi.

Fundi Saidi: Kaka, hiyo ni kweli ukurasa ukiwa maandishi matupu. Ukiweka uso wa mtu, jicho linakwenda usoni kwanza, halafu linafuata anakotazama. Kwenye A anatutazama sisi, kwa hiyo jicho linabaki kwake. Kwenye B anatazama kushoto, nje ya karatasi, na tarehe iko nyuma ya kisogo chake. Kwenye C anatazama kulia chini, na tarehe ipo palepale.

Kaka Hemedi: Basi igeuze picha ya B atazame kulia.

Fundi Saidi: Jina la kanga litasomeka kinyumenyume.

Da Mwana: Kwani jina lenyewe linamsema nani? 😂

Mama Halima: Aliyevaa anajua, na jirani yake anajua 😂😂

Mama Zai: Turudi kwenye bango!! Mwaka juzi tarehe ilikuwa nyekundu juu ya kijani, nusu ya watu wakaja Jumapili. Mnakumbuka.

Mama Halima: Tunakumbuka. Na masufuria yangu mawili ya pilau hayajarudi mpaka leo.

Mama Zai: Masufuria si ajenda ya leo.

Mama Halima: Hayajawahi kuwa ajenda.

Fundi Saidi: Rangi ile inarudi kwenye A. Chukueni picha yake, iondoeni rangi kwenye simu ibaki nyeusi na nyeupe. Tarehe inapotea kabisa, maana nyekundu ile na kijani kile vina giza sawa. C ina njano juu ya nyeusi, haipotei.

Mama Zai: Nimetoka kijiweni. Kijana wa boda nimemwonyesha A, nimehesabu hadi tano, nikaficha simu. Kaniambia jina la bendi na kiingilio 5,000, basi. Wa pili nikampa C, akasema Jumamosi. Jumamosi ya tarehe ngapi? Hajui. Wapi? Hajui.

Kaka Hemedi: Kumbe hata C imeshindwa.

Fundi Saidi: Imeshindwa nusu. Tangamano imewekwa chini kabisa, chini ya nembo ya mfadhili, mbali na tarehe. Jicho likishapata siku linaona limemaliza, linaondoka. Ipandishwe ikae chini ya tarehe, na pembeni pabaki peupe.

Mama Zai: Na hiyo 12?

Fundi Saidi: Sisi wa mabango tunakadiria herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3. Wa ng'ambo ya barabara, mita 6, anahitaji sentimita 5. Neno JUMAMOSI kwa ukubwa huo linajaza upana wote wa A3. Kwa hiyo Jumamosi iwe ndogo juu, namba 12 iwe kubwa kuliko vyote, kisha Tangamano, saa 2 usiku.

Da Mwana: Namba yangu ya vitumbua itakaa wapi?

Mama Zai: Haikai.

Kaka Hemedi: Mfadhili lakini alisema nembo yake iwe juu. Turubai ni lake.

Bi Mkubwa: Assalamu alaykum wanangu. Nimezitazama zote bila miwani, simu nimeinyoosha mkono. A nimeona mwanamke. B nimeona mwanamke. C nimeona Jumamosi. Kadi ya harusi haitenganishi siku na nyumba, kwa nini bango litenganishe? Nembo ishuke. Na Mama Halima arudishiwe masufuria yake, ni miaka miwili sasa.

Mama Zai: Sawa Bibi. Tumesikia.

Kaka Hemedi: Sawa Bi Mkubwa.

Mama Halima: Allah akuweke mama.

*(saa 5 usiku)*

Fundi Saidi: C mpya hiyo hapo. Itazameni ikiwa ndogo kama kidole gumba kabla ya kuifungua. Mimi naona 12, kisha Tangamano, kisha uso.

Mama Zai: Mimi naona uso kwanza bado. Punguza picha kidogo. Na nani anaongea na mfadhili asubuhi?

Mama Zai: Jamani?

Mama Zai: Kaka Hemedi, naona umesoma.

*(saa 1 asubuhi)*

Baba Rehema: Samahani, nilikuwa zamu. Kile kidole kilikuwa cha B.