Zaburi za alfabeti: mtafsiri afuate herufi au maana?

Swali: Wakuu, Zaburi 119 kwa Kiebrania ina beti 22 kwa herufi 22, na kila ubeti una mistari minane inayoanza na herufi moja. Kwenye tafsiri zetu hiyo haionekani kabisa. Mtafsiri ailazimishe au aachane nayo?

Kalamu Kavu: Ailazimishe bana. Wao 22 sisi 24, zinatosha na chenji inabaki. A, B, Ch, twende.

Mwanakwaya: Nilijaribu hivyo Zaburi 111 nikakwama herufi ya tatu tu. Mstari unasema matendo ya Bwana ni makuu, mi ili nipate Ch nikaandika "Chochote atendacho Bwana ni kikuu", inaimbika ila mwenzangu akauliza hiyo chochote imetoka wapi, nikakosa jibu. Afu mbele kuna "Chakula huwapa wamchao", Ch imekuja yenyewe, kumbe hapo ni pa tisa, zamu ya I 😩

Dada Tenzi: Kwani mnaongelea vina? Mi mashairi yangu vina naviweka mwisho, sijawahi kukwama

Babu Nukta: Hapana dada, hapa ni mwanzo wa mstari. Mnakwama kwa sababu mnawinda herufi badala ya kuangalia Kiebrania kinazipataje. Chukua 119 mstari wa 33 hadi 40, ubeti wa He. Mistari saba inaanza na vitenzi vya kusababisha, na kwa Kiebrania ukiamuru kwa kitenzi cha namna hiyo He inakuja mbele yenyewe, mshairi hakuhangaika. Sisi alama ya kusababisha iko mwishoni, lakini mwanzoni tuna "ni" ya anayeomba. Ona:

Nifundishe njia ya amri zako
Nifahamishe nishike sheria yako
Niongoze katika njia ya maagizo yako
Nielekezee moyo kwenye shuhuda zako
Nigeuze macho yasitazame ubatili
Nithibitishie mimi mtumishi wako ahadi yako
Niondolee aibu ninayoiogopa
Nimeyatamani mausia yako

Nimefupisha, ila mwanzo wa mistari sijachomeka neno.

Msoma Pembezoni: Tamu, ila mstari wa 40 unaanza na "tazama", umeimeza kimya kimya mzee. Halafu ubeti unaofuata ni wa Vav, na kwa kuwa maneno ya Kiebrania yanayoanza na Vav ni machache mno, mistari yote minane imeanza na "na" tu. Kwetu ni "na" vilevile. Sasa beti mbili mfululizo ni N, msikilizaji atajuaje tumehama herufi?

Babu Nukta: "Tazama" umenishika. Kuhama atakusikia kwenye silabi, ni-ni-ni halafu na-na-na. Nilichookoa ni mpigo, alfabeti sijaiokoa, hiyo ibaki kwenye vichwa vya Alef, Beth juu ya ubeti.

Kalamu Kavu: Vichwa nani anavisikia zaburi ikisomwa kwa sauti? Mi bado nataka A B Ch yangu

Mwanakwaya: Anza wewe na 111, ukifika Ch unitag