Mtu katafsiri skrinshoti vibaya, madeni ya dukani kwa dada yangu yamefutika yote

Wakuu habari za saa hizi, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, kama kuna makosa ya kuandika mnivumilie.

Dada yangu ana duka la vyakula Mbagala. Madeni ya wateja anayaweka kwenye app moja ya mahesabu ya duka, siitaji, shida yangu sio app. Wiki iliyopita simu ikaanza kumletea ujumbe huu kila akigusa kitu:

```
Storage space running out
Some system functions may not work
```

Kiingereza hajui na mimi niko Mwanza, siku hiyo nilikuwa safarini simu imezima. Akaona asinisubiri, akapiga skrinshoti akaituma kwenye grupu moja la mambo ya simu akaomba wamtafsirie. Jamaa mmoja akamjibu fasta, "dada simu imejaa, ingia Settings, Apps, chagua hiyo app yako ya duka, ingia Storage & cache, utaona vitufe viwili bonyeza kile cha SAFISHA NAFASI". Dada akaingia kweli, akapiga skrinshoti nyingine akatuma kuuliza ni kipi. Ninayo hapa. Juu kuna `Clear storage` yenye alama ya pipa la taka, pembeni yake `Clear cache`. Jamaa akamwambia cha kwanza hicho.

SAFISHA NAFASI jamani!! Nani kamfundisha huyu kwamba `Clear` hapo ni kusafisha? Ukimwambia mwenye duka safisha anaelewa kufuta vumbi kwenye shelfu, bidhaa zibaki palepale. Hicho kitufe kinabeba shelfu na bidhaa na daftari la madeni kinakwenda kutupa. Ni FUTA. Na `storage` ya hapo sio nafasi, ni kila kitu ambacho hiyo app imetunza humo ndani tangu siku uliyoiweka.

Kinachoniuma zaidi, simu yenyewe ilimuonya. Baada ya kubonyeza ikaleta kiboksi kinachosema `This app's data, including files and settings, will be permanently deleted from this device`. Dada akasita, akatuma skrinshoti ya TATU, mnaona mtu alivyokuwa makini? Jamaa akajibu "hapo inakuuliza tu kama una uhakika bonyeza OK". Sentensi nzima kaigeuza kuwa una uhakika. Hiyo `permanently deleted` maana yake inafutwa moja kwa moja hairudi, ndilo neno pekee kwenye ile skrini ambalo dada alihitaji kuambiwa na ndilo alilolirusha.

Halafu angalieni hii skrinshoti ya pili vizuri, chini ya vile vitufe kuna namba. `App size` 46 MB, `User data` 19 MB, `Cache` 1.3 GB. Yaani kilichojaza simu ni `Cache`, zile picha za bidhaa na vitu vya muda ambavyo app inajiwekea ili ifunguke haraka na ikikosa inavitengeneza tena. Madeni ya watu yalikuwa kwenye hiyo 19 MB, hayamsumbui mtu. Kitufe cha pembeni tu kingemaliza kazi, kila deni likabaki mahali pake. Jamaa namba zilikuwa mbele ya macho yake hakuziangalia.

Sasa hivi app inafunguka kama mpya, inamuuliza jina la duka. Kuna watu wanadaiwa mpaka elfu themanini na wameshaanza kusema mi nilishalipa. Mwenye ujuzi kama kuna njia ya kurudisha aniambie, na wewe unayetafsiria watu vitu usivyovijua NYAMAZA TU.

Kijana wa Tandale: Pole mkuu. Ila nijuavyo mimi data ni bando, angezima data kwanza ndio abonyeze isingefuta kitu. Na hiyo `Clear cache` nayo sio salama, inafuta picha.

Mleta uzi: Bando linahusiana na nini hapa ndugu yangu? Data ya hapo ni kumbukumbu za app, hata ungetoa laini kabisa ingefuta.

Fundi Mstaafu: Kijana kwenye picha yuko sawa nusu. Zinaondoka zile nakala za muda ndani ya app, zitashuka tena ukiwa na intaneti, picha za galari haziguswi. Ila mjue pia `Clear cache` sio dawa ya kudumu, baada ya wiki kadhaa itajaa tena. Na simu zingine kile kitufe cha hatari kimeandikwa `Clear data`, kipo chini ya skrini, kwa hiyo usimwelekeze mtu kwa kumwambia cha kwanza au cha pili. Msomee neno lenyewe.

Mama Kikoba: Mimi yangu ni ya Kiswahili na bado yalinikuta. Imeandika "Futa akiba". Nikasema thubutu, akiba yangu ya kikoba niifute kwa mkono wangu?? Nikakimbilia kile kingine cha pembeni. Kumbe akiba ndio hiyo cache yenu. Nani aliita hivyo jamani.

Mleta uzi: Mama umenichekesha na hasira zangu. Pole sana.

Bodaboda Original: Auze hiyo simu anunue ya GB 128, mnahangaika bure.

Fundi Mstaafu: Mleta uzi rudi kwenye swali lako. Android kuanzia 6 inaweka nakala ya data za app yenyewe kwenye akaunti ya Google, mwisho MB 25 kwa kila app, na yake ilikuwa 19 kwa hiyo inaingia. Lakini nakala hairudi kwa kufungua app, inarudi wakati app inawekwa upya. Aitoe kabisa aipakue tena kwa akaunti ileile, na asichelewe, simu ikituma nakala mpya itakuwa ya hili daftari tupu. Kuna mawili yanaweza kukwamisha. Mwenye app anaweza kuwa kaizuia, na kwa kawaida simu inasubiri iwe kwenye chaji, imetulia, ina waifai. Dada anatumia waifai?

Mleta uzi: Waifai ya wapi Mbagala, yeye ni bando la siku. Ila Januari alikuja kwangu Mwanza akakaa siku nne, simu ilikuwa inalala kwenye chaji na waifai yangu ipo.

Fundi Mstaafu: Basi jaribu. Ikirudi itakuwa ya hiyo Januari, usitegemee ya juzi. Ameshaandika deni jipya humo?

Mleta uzi: Mawili, nimemwambia ayaandike kwenye daftari la karatasi kabla hajaitoa. Nipo naye kwenye simu sasa hivi, keshaitoa, inashuka, imefika asilimia 60 na bando linakaribia kuisha.

Kijana wa Tandale: Si nilisema bando.