Baba kapata kiharusi: nimwandikieje Gombera kuomba mwaka mmoja nje?

Frateri wa Migombani:
Tumsifu Yesu Kristo. Nimemaliza mwaka wa pili wa falsafa. Mwezi wa tano baba alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Kumgeuza, kumwogesha na kumpeleka mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki kunamshinda mama, na wadogo zangu wawili bado wako sekondari. Nataka kukaa nyumbani mwaka mmoja, kisha nirudi kuanza mwaka wa tatu. Nimeandika hivi:

"Baba Gombera, kutokana na matatizo ya kifamilia, naomba kuahirisha masomo kwa muda ili nitafakari na kuisaidia familia."

Naogopa isionekane nimeuacha wito. Inatosha?

Kahawa Chungu:
Milele amina. Futa "matatizo ya kifamilia", sema kiharusi, ambatisha barua ya daktari. Mpe Gombera, basi. Yeye ndiye mkuu wa seminari, anaamua yeye.

Mlezi Mstaafu:
Kuhusu daktari umesema kweli. Kuhusu Gombera, ni nusu tu. Frateri huyu ametumwa na askofu wa jimbo lake, na seminari inamlea kwa niaba ya jimbo hilo. Gombera atatoa maoni yake, lakini mwaka wa kukaa nje unatolewa na askofu. Nimeona barua zikilala mezani kwa Gombera hadi seminari inafunguliwa, na jimboni hakuna anayejua.

Frateri, anza kwa kuonana na mkurugenzi wa miito ana kwa ana. Kisha mwandikie Askofu kupitia kwake, nakala kwa Gombera na paroko. Kama seminari yenu inatoa shahada chini ya chuo kikuu, uliza pia ofisi ya taaluma kuhusu fomu ya kuahirisha masomo. Ruhusa ya askofu haitunzi nafasi yako ya chuo.

Na hilo neno "nitafakari" liondoe. Anayelisoma ataelewa kwamba una mashaka na wito, na "kwa muda" kutamthibitishia. Kama kweli una mashaka, yapeleke kwa mlezi wako wa kiroho. Hayo hayachanganywi na ugonjwa wa baba. Andika hivi:

"Baba Askofu, mimi ni frateri wa jimbo lako, nimemaliza mwaka wa pili wa falsafa. Baba yangu alipata kiharusi mwezi Mei na anahitaji kuhudumiwa kila siku. Mama yuko peke yake na wadogo zangu wako shuleni. Naomba ruhusa ya mwaka mmoja wa masomo nikae nyumbani kumuuguza, na kurudi kuanza mwaka wa tatu mwakani. Nitakuwa chini ya uangalizi wa paroko wangu, nitasali na kuhudumu parokiani kadiri atakavyonipangia. Naambatisha barua ya daktari."

Mama Parokia:
Mwanangu, usiache wito! Ndugu zako watasaidia.

Frateri wa Migombani:
Shikamoo mama. Siachi, naomba kurudi.

Mama Parokia:
Marahaba. Nimekuelewa sasa, ila nasema kwa uchungu. Kijana wangu naye alipewa mwaka. Hakuna padre aliyemuuliza habari zake, kufika Krismasi alikuwa ameshapata kazi mjini. Hakurudi.

Mlezi Mstaafu:
Pole, mama. Ndiyo maana nimemtaja paroko ndani ya barua. Mwisho wa mwaka Askofu atataka taarifa yake, na paroko asiyekuona kanisani hatakuwa na la kuandika. Panga naye tangu mwanzo siku ya kuonana kila mwezi.

Mwana wa Dayosisi:
Mimi ni wa KKKT, kwetu nilipitia dayosisi hivyohivyo. Kilichoniumiza ni ada. Mfadhili alikuwa amenilipia kwa mwaka ule. Niliporudi fedha zilikuwa zimekwenda kwa mwingine. Uliza mapema nani atalipa mwakani.

Frateri wa Migombani:
Asanteni sana. Nina mawili. Baba hataki ugonjwa wake uandikwe. Na je, mwaka huu unaweza kuhesabiwa kuwa mwaka wa uchungaji?

Kahawa Chungu:
Mzee mgonjwa hawezi kukuzuia. Andika tu.

Mlezi Mstaafu:
Hapana, ni mwili wake. Mwombe ruhusa. Akikataa, andika "maradhi mazito yaliyomwondolea uwezo wa kujihudumia", na mengine umweleze Askofu kwa mdomo. Barua ya daktari nayo iseme tu kwamba anahitaji msaidizi, na kwa muda gani. La mwaka wa uchungaji usiliombe humu. Atakayesoma ataona unatafuta njia ya mkato. Majimbo hayafanani katika hilo, Askofu akitaka atalisema mwenyewe.

Frateri wa Migombani:
Baba amekubali neno "maradhi mazito", kiharusi amekataa. Mkurugenzi wa miito nitaonana naye Alhamisi. Ya ada bado sijui nimuulize yeye au paroko.

Mwana wa Dayosisi:
Muulize yeye, hiyohiyo Alhamisi.