Alama za HATUA, UAMUZI na TAARIFA kwenye barua pepe: mbona maamuzi bado yanapotea?

mtunza_kumbukumbu: Wakuu, ofisini tulikubaliana kila kichwa cha barua pepe kianze na [HATUA], [UAMUZI] au [TAARIFA]. Mwanzoni ilisaidia. Sasa karibu kila kitu ni HATUA, na maamuzi yanazama ndani ya barua za TAARIFA. Tunakosea wapi?

Kalamu Nyeusi: Hayo ni matatizo mawili. HATUA inachuja pale inapotumwa kwa kundi zima ilhali mwenye kazi ni mmoja. Wengine wakiikuta haiwahusu mara kadhaa, wanaacha kuiangalia. Andika mhusika na siku humohumo: "[HATUA mhasibu, Alhamisi] Jedwali la bajeti". Wengine wawekwe kwenye nakala. Ukikosa mhusika wa kuandika, hiyo ni TAARIFA. Na alama itangulie, maana simu hukata vichwa virefu.

La pili ndilo baya zaidi. Tuseme barua imeanza "[TAARIFA] Ratiba ya mafunzo". Kwenye jibu la nne mtu anauliza, "Tuahirishe au tuendelee?" Kichwa bado kinasomeka TAARIFA, kwa hiyo meneja anaipita, na hana kosa. Aliyeuliza ndiye abadilishe: "[UAMUZI meneja, Jumatano] Mafunzo: kuahirisha au kuendelea". Mstari wa kwanza utaje njia zote mbili, pendekezo lake, na kitakachofanyika Jumatano ikipita bila jibu.

Bwana Faili: Ongezeni [HARAKA]. Halafu kila mtu atengeneze kichujio cha [UAMUZI], na mabano yake, kisichanganye na neno la kawaida.

Kalamu Nyeusi: Kichujio naunga mkono, ila Gmail haizingatii mabano inapotafuta. Hii

```
subject:[UAMUZI]
```

itakamata hata "Uamuzi wa kikao cha jana". Chagueni kifupi ambacho si neno, mfano UMZ, na wote waandike vilevile. Mmoja akiandika UAMZ, barua yake haitaingia. HARAKA ningeiacha. Siku iliyoandikwa inatosha, na hiyo haraka itaishia kubandikwa kila mahali kama HATUA.

mama_wawili: Mimi natumia lebo za rangi, nyekundu kwa maamuzi. Mbona rahisi tu?

Bwana Faili: Dada, lebo hizo unaziona wewe peke yako kwenye kikasha chako. Yeye anataka mpokeaji ajue kabla hajafungua.

Tumbo Joto: Kalamu, ukibadilisha kichwa, Gmail inaanzisha mlolongo mpya. Majibu ya awali yanabaki kule.

Kalamu Nyeusi: Ni kweli. Ndiyo maana barua mpya ibebe sentensi mbili tatu za yaliyotangulia, na kule kwenye mlolongo wa zamani aandike kwamba uamuzi umehamia kwenye kichwa kipya. Bila hivyo watu watajibu pande zote mbili.

mtunza_kumbukumbu: Mhusika na siku tunaanza kesho. Kubadilisha kichwa kutanisumbua, kwa sababu kwetu kila suala huhifadhiwa kama mlolongo mmoja kwa ajili ya ukaguzi. Kuna aliyepata njia ya kuvipata vyote viwili?