Bodi inataka kufunga kiwanda kimoja, kura yangu nitaitetea vipi?

Mjumbe_Mgeni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mjumbe wa bodi, si mtendaji, na nina miezi 7 tu kwenye kiti. Wiki ijayo tunapiga kura kufunga kiwanda kimoja kati ya viwili na kuhamishia kazi zote kwenye kile kikubwa. Menejimenti imeleta karatasi mbili, na ujumbe wake ni mmoja: tutaokoa milioni 60 kwa mwaka. Wafanyakazi 180 wametajwa kwenye mstari mmoja. Bwawa la maji taka lililo nyuma ya kiwanda, ambalo kijito cha wanakijiji kinapita kando yake, halijatajwa kabisa.

Mwenyekiti kaniambia, "Hapa tunawatumikia wenye hisa, huruma kaiache nyumbani." Nikipinga kwa sababu ya wafanyakazi na mazingira, wanahisa wanaweza kunishtaki? Na nikikubali tu?

HisaZangu:
Mwenyekiti yuko sahihi. Kesi ya Ford huko Marekani, 1919, ilimaliza ubishi. Ford alitaka faida ibaki kwenye kampuni apanue kiwanda na ashushe bei ya magari, mahakama ikamwamuru agawe gawio. Kampuni ni ya wenye hisa, basi.

KaraniWaBodi:
HisaZangu, umesoma nusu ya hukumu. Gawio kweli aliamriwa alipe, lakini upanuzi wa kiwanda majaji walikataa kuuzuia, wakasema wao si wataalamu wa biashara.

Mjumbe, angalia sheria ya kwenu inasemaje. Ya Uingereza ya 2006, kifungu cha 172, na ya Kenya ya 2015, kifungu cha 143, zinafanana sana: mkurugenzi aendeleze mafanikio ya kampuni kwa faida ya wanahisa, na katika kufanya hivyo azingatie matokeo ya muda mrefu, wafanyakazi, wasambazaji na wateja, jamii na mazingira, na jina la kampuni. Usidanganyike kwamba hawa wote wana uzito sawa na mwanahisa. Sheria haikukataza kufunga kiwanda, ila inakutaka uamue ukiwa umeyaangalia hayo. Ukipinga kwa nia njema na sababu zako zinahusu kampuni yenyewe, ni vigumu mtu akushinde mahakamani. Ukisema tu "nawaonea huruma", hapo umejiweka pabaya.

Kwa hiyo rudi kwenye ile milioni 60. Viinua mgongo vya watu 180 ni kiasi gani? Kusafisha bwawa je?

Mjumbe_Mgeni:
Nimemuuliza mhasibu pembeni. Viinua mgongo kama milioni 70. Bwawa anakisia 45, ila hakuna aliyewahi kupima tope lake.

KaraniWaBodi:
Basi ni milioni 115 za kutoa kwanza. Kwa 60 kwa mwaka, mnahitaji karibu miaka 2 kabla ya kuona faida hata shilingi, na hapo mafundi wenu wazuri wakiondoka hawajahesabiwa. Unaona? Wafanyakazi na bwawa tayari wamo ndani ya hesabu ya mwanahisa, karatasi ndiyo imewaficha.

Omba mambo mawili kabla ya kura: tope lipimwe, na menejimenti ilete njia ya pili, tuseme kufunga kwa awamu ndani ya miezi 18.

FundiMitambo:
Mimi nilipunguzwa kazi mwaka juzi na kiinua mgongo sijakiona mpaka leo. Naweza kuwashtaki wakurugenzi kwa hicho kifungu?

KaraniWaBodi:
Pole sana ndugu. Kwa kifungu hicho hapana. Wajibu ule mkurugenzi anawiwa na kampuni, na kwa kawaida kampuni ndiyo inayodai, au mwanahisa kwa niaba yake. Deni lako lifuate kwa sheria ya kazi. Huo ndio udhaifu mkubwa wa kifungu hicho: mfanyakazi anatajwa ndani yake, lakini hana uwezo wa kukitumia kudai.

Mama_Muhtasari:
Niongezee la kumbukumbu za kikao, nimeziandika miaka mingi. Sentensi ya "bodi ilizingatia maslahi ya wadau wote" haimsaidii mtu. Niliwahi kuletewa kumbukumbu zimeshachapwa na kikao hakijaanza! Mjumbe, hakikisha wameandika nani aliuliza nini, ripoti gani ilisomwa na ya tarehe ipi, njia gani ilikataliwa na kwa nini. Ukipinga, jina lako na sababu yako viandikwe.

HisaZangu:
Na kampuni ikiwa inaelekea kufilisika? Bado mtazungushana na bwawa?

KaraniWaBodi:
Swali zuri. Hapo maslahi ya wadai yanaongezeka uzito kadiri kufilisika kunavyokaribia, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema hivyo 2022 kwenye kesi ya Sequana. Kufilisika kunapokuwa karibu kiasi gani ndipo wajibu huo unaanza, hata mawakili bado wanavutana. Mjumbe, hali yenu ya fedha ikoje?

Mjumbe_Mgeni:
Mkopo wa benki tunaulipa, ila kwa kuchelewachelewa. Nimeandika barua kuomba kura isogezwe hadi tope lipimwe. Wajumbe wawili wameniunga mkono, mwenyekiti hajajibu.