Asali, sukari guru au sukari ya kawaida kwa mkimbiaji? Nataka kununua leo

Mbio za Pole
Wakuu habari za asubuhi. Kuna jamaa amekuja ofisini na asali ya Tabora, lita moja elfu kumi na tano. Nimeambiwa nikiwa mtu wa mazoezi niache sukari nyeupe nihamie asali, maana sukari inaua na asali inajenga. Jamaa mwingine anasema sukari guru ni bora zaidi kwa sababu ina madini. Huyu muuzaji anaondoka saa nane mchana. Nichukue ipi?

Bi Tumu
Mazoezi gani? Kuna anayeenda jimu dakika arobaini na kuna anayekimbia saa tatu. Na unataka kuitumia wakati gani: kwenye chai ya asubuhi, kabla ya kukimbia, au ukiwa barabarani? Kila jambo lina jibu lake.

Kiboko ya Sukari
Chukua asali, usifikirie mara mbili. Mimi sukari nyeupe niliiaga 2019, sijaugua hata mafua. Sukari nyeupe imetolewa kila kitu, imebaki sumu tupu. Asali haipandishi sukari mwilini.

Mzee wa Mweka
Kiboko, hilo la mwisho si kweli. Asali ni sukari na maji. Karibu asilimia themanini ya uzito wake ni sukari, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Ukiilamba inapanda damuni kama nyingine, inaweza tu kuchelewa kidogo. Shirika la Afya Duniani linaihesabu pamoja na sukari zinazotakiwa kupunguzwa.

Tena mnaposema sukari nyeupe mnazungumzia ipi? Sukari nyingi ya viwanda vyetu, ya Kilombero au ya TPC hapa Moshi, ina rangi ya kahawia hafifu. Ile rangi ni mabaki ya maji ya miwa. Nyeupe pee mara nyingi ni ya kutoka nje au ya viwanda vya soda. Kwa hiyo wengine mmehamia sukari ya kahawia tangu mzaliwe, na hamjaona tofauti.

Mbio za Pole
Samahani, sikueleza. Najiandaa na 21 km za Moshi. Mwaka jana nilimaliza kwa saa mbili na dakika kumi, ila kuanzia kilomita ya 16 miguu iligoma kabisa, nikatembea. Sikuwa nimekula chochote njiani, nilikunywa maji tu. Nataka kitu cha kubeba.

Wanjala wa Kakamega
Hapo sasa umesema. Sisi huku sukari nguru tunaijua tangu utotoni, unavunja kipande unatia mfukoni. Madini yapo kweli, lakini ili upate madini ya maana itabidi ule donge zima, na hapo hutakimbia, utabebwa. Shida yake nyingine ni jasho: inayeyuka mfukoni inakuwa gundi. Na huku kwetu ukionekana umenunua nyingi watu wanadhani unapika chang'aa.

Kiboko ya Sukari
Hahaha, kumbe ndiyo kazi yake!

Dereva wa Usiku
Naomba niwape kisa changu, labda kitamsaidia. Nilikuwa najiandaa na 42, nikasoma mahali kwamba wakimbiaji wakubwa wanatumia asali. Nikaijaza kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, mbichi kama ilivyotoka kwenye ndoo. Siku ya mazoezi marefu nilifika kilomita ya 25 nimechoka, nikaibugia yote kwa mkupuo, kama vijiko vinne vikubwa hivi, na sikuwa na maji kwa sababu duka nililolitegemea lilikuwa limefungwa. Dakika kumi sikufika. Tumbo likaanza kunguruma, halafu kusokota, halafu ikawa ni kutafuta kichaka. Nilikuwa kwenye barabara ya lami yenye nyumba pande zote. Sisemi zaidi. Nilirudi kwa bodaboda na tangu siku hiyo asali naitazama kwa mbali. Natumia sukari kwenye maji na chumvi kidogo, basi.

Mzee wa Mweka
Pole sana. Ila asali unaionea. Kilichokuumiza ni wingi kwa mara moja bila maji. Sukari nzito ikifika tumboni inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta kwenye utumbo, na wewe unakimbia, damu iko miguuni. Ungebugia sukari ya kawaida kiasi hicho bila maji ungekitafuta kichaka hichohicho. Ni kweli asali ina fruktosi nyingi kidogo kuliko glukosi, na kuna matumbo yasiyoipenda, lakini hilo unalijua kwa kujaribu mazoezini.

Mbio za Pole, kwa saa mbili mwili unahitaji kama gramu 30 hadi 60 za sukari kila saa. Kijiko kikubwa cha asali kina gramu 17 hivi za sukari. Chukua chupa ya nusu lita, weka vijiko vikubwa viwili vya asali na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, tikisa. Anza kunywa dakika ya 30, mafunda machache machache, usingoje kuchoka. Hiyo chupa ni ya saa moja, ya pili mpe ndugu akusubiri njiani. Ukitaka sukari ya kawaida, weka vijiko vya chai vinane au tisa vya usawa. Miguu haitajua tofauti. Mfuko utajua.

Bi Tumu
Hiyo ya sukari na chumvi si ndiyo dawa ya kuharisha tunayowapa watoto?

Mzee wa Mweka
Ni ndugu yake, lakini ile ina chumvi zaidi na sukari pungufu. Usichanganye vipimo.

Kiboko ya Sukari
Basi tuseme ni sawa. Lakini ahakikishe ni asali halisi. Awashe kiberiti alichokichovya, kikiwaka ni halisi.

Mzee wa Mweka
Kiberiti kinapima maji, hakipimi uhalisi. Asali iliyochanganywa na sukari nzito itawaka vilevile. Na ikiganda usiitupe, asali halisi inaganda.

Mbio za Pole
Nashukuru wote. Nimechukua lita moja, muuzaji ameshuka mpaka elfu kumi na nne na ameifikisha nyumbani. Mama naye amefurahi, ana kisukari na alishaacha sukari kwenye chai, sasa ataweka asali.

Bi Tumu
Ngoja! Mama ana kisukari na hukusema tangu asubuhi? Asali itampandisha. Amuulize daktari wake wa kliniki kabla ya kijiko cha kwanza.

Dereva wa Usiku
Na kama kuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja nyumbani, asimlambishe. Kwetu tuliambiwa kliniki.

Mbio za Pole
Duh. Nimempigia simu, amesema muuzaji amemhakikishia haina shida na ameshaweka kikombeni. Naenda nyumbani.

Wanjala wa Kakamega
Kimbia, ni mazoezi hayo.

Kiboko ya Sukari
Na tende je? Hakuna aliyesema tende.

Bi Tumu
Tende nzuri, ila kutafuna huku unapanda Mweka nakutakia kheri. Jamani, chupa ndogo za kubana zinazokaa mkononi zinapatikana Kariakoo mtaa gani?